Siku ya malipo, kompyuta ikasema imefungwa

Ndugu mshauri,

Mimi ni mhazini wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, wilaya ya Kasese, huku kwenye miteremko ya Rwenzori. Ijumaa iliyopita tulikuwa tunatoa malipo ya pili ya msimu, shilingi 800 kwa kila kilo ya kahawa kavu, wanachama 212, pesa mkononi. Hesabu zetu ziko kwenye programu aliyotutengenezea fundi mmoja. Faili lenyewe, `ushirika.db`, liko kwenye kompyuta ya mezani kwa katibu. Mimi na mtunza ghala tunalifungua kwa laptopu zetu kupitia folda ya pamoja.

Nililipa watu 38 vizuri. Saa nne nikambonyezea mzee wa 39 kitufe cha Lipa, ikatokea `database is locked`. Nikarudia labda mara ishirini. Nikazima laptopu na kuiwasha mara mbili. Salio za watu naziona, kuandika inakataa. Kijana wangu akaona faili jingine, `ushirika.db-journal`, akasema hilo ndilo kufuli, tulifute. Windows ikakataa, ati linatumika. Mtunza ghala yeye hakuwa na shida yoyote, alikuwa chumba cha pili akirekebisha majina ya wanachama wawili kwa DB Browser.

Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja alichungulia skrini akawatafsiria wenzake kwamba hazina imefungwa na mhazini ndiye mwenye ufunguo. Nikafungua daftari, nikaanza na yule mzee, nikalipa watu 74 kwa dole gumba. Saa saba, mtunza ghala alipokwisha kuzima laptopu yake kwenda swala ya Ijumaa, nikabonyeza tena, ikakubali. Nikaingiza daftari lote, nikalipa wengine 93. Saba hawakuja. Jioni programu ikasema nimelipa shilingi 264,000 zaidi ya zilizotoka kwenye sanduku.

Nani alifunga? Lile faili likirudi tulifute? Na hizo 264,000 nitazieleza vipi mbele ya wanachama?

Mhazini, Kasese

*

Mama, pole sana kwa Ijumaa ile. Nianze na lile faili, maana ndilo linaloweza kukuletea hasara kubwa kuliko yote yaliyotokea siku hiyo. Msilifute. Likirudi msilifute, na mtu yeyote akikupigia simu kukuambia halina kazi, usimsikilize.

Ujumbe wa `database is locked`, pamoja na faili lenye mkia wa `-journal` kando ya faili kuu, vinanionyesha kwamba fundi wenu alitumia SQLite. Hiyo ni hifadhidata inayokaa yote ndani ya faili moja, nayo imo ndani ya simu yako na ndani ya programu nyingi za ofisi. Ni imara, na huyo fundi hakukosea kuichagua. Ila ina sheria moja ambayo lazima uijue. Wengi wanaweza kusoma kwa pamoja, lakini anayeandika ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Ifikirie kama leja moja mezani yenye kalamu moja. Mtu akishaishika kalamu, wengine wataendelea kutazama kurasa, ila hawataandika mpaka aiweke chini.

Faili la `-journal` ndipo SQLite inapoweka kumbukumbu ya ukurasa jinsi ulivyokuwa kabla haujabadilishwa. Kwanza inanakili ukurasa wa zamani humo, ndipo inaandika mpya kwenye `ushirika.db`. Ikimaliza salama, inalifuta faili hilo yenyewe. Umeme ukikatika katikati, faili linabaki, na atakayefungua programu baadaye, SQLite italikuta, itarudisha kurasa za zamani mahali pake, kisha italiondoa. Kwa hiyo ukilifuta kwa mkono baada ya umeme kukatika, umeondoa kitu pekee kilichojua hesabu zilikuwaje. Faili kuu linabaki nusu jipya, nusu la zamani.

Nasema kwa uchungu kwa sababu niliwahi kulifanya mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimeitwa na kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, umeme ulikuwa umekatika mchana, programu inasumbua. Nikaliona lile faili, nikalifuta, nikajiona nimetatua. Walipofungua programu ikatoka `database disk image is malformed`. Tulikaa wiki mbili na akina mama wa kikundi kile tukijenga hesabu upya kutoka kwenye risiti za karatasi, na baadhi ya risiti zilikuwa zimeshalowa mvua. Sijasahau nyuso zao.

Kwa hiyo Windows ilipomkatalia kijana wako, ilikuokoa. Tena ilikupa habari ambayo hapo hapo mngeweza kuitumia. Faili lililobaki baada ya ajali halina mwenyewe, Windows ingeliachia lifutwe. Likikataa kwa sababu linatumika, maana yake kuna mtu yuko hai kwenye mtandao wenu wa ofisi, amelifungua, na kazi yake haijaisha.

Mtu huyo, kwa jinsi ulivyoandika, ni mtunza ghala. Usimkasirikie kabla sijaeleza.

DB Browser ni chombo kizuri cha kutazama ndani ya faili la SQLite. Lakini ukibadilisha hata herufi moja ya jina, hakihifadhi papo hapo. Kinafungua muamala, kinashika ile kalamu, na kinakusubiri ubonyeze `Write Changes` juu ya dirisha. Usipobonyeza, kalamu inabaki mkononi mwako dakika tano, saa moja, asubuhi nzima. Kwenye skrini yako hakuna linaloonyesha kosa, jina jipya unaliona limekaa vizuri, na wewe unaendelea na kupima magunia. Ndiyo maana yeye hakuwa na shida yoyote. Shida yote ilimwangukia aliyetaka kuandika wa pili.

Dalili nyingine ni hiyo uliyoitaja, kwamba salio uliziona ila kuandika kulikataa. Mtu akiwa ameshika kalamu lakini hajaanza kubadilisha kurasa za faili lenyewe, wasomaji hawazuiwi. Kama hata kutazama kungekataa, ningemtafuta mtu aliyekwama katikati ya kuandika kabisa, au kompyuta ya katibu yenyewe. Na kuwasha upya laptopu yako hakungesaidia hata ungeiwasha mara kumi, kwa sababu kalamu haikuwa kwako.

Sitaki umhukumu kwa maneno yangu tu, kwa hiyo fanyeni jaribio jioni moja baada ya kazi, wakati hakuna mtu wa kulipwa. Kwanza wote mfunge programu, mchukue nakala ya faili. Halafu mtunza ghala afungue DB Browser, abadilishe herufi moja kwenye jina lake mwenyewe, asibonyeze chochote. Wewe fungua kadi yako ya uanachama kwenye programu, uihifadhi upya namba yako ya simu bila kuibadilisha. Ujumbe wa Ijumaa ukitoka tena, mmeshampata. Kisha yeye abonyeze `Revert Changes`, nawe ujaribu tena, itakubali. Na katika jaribio hilo hakuna shilingi itakayoguswa.

Pia muwatazame wale wanachama wawili. Kama majina yao bado yameandikwa vibaya, basi alipozima laptopu mabadiliko yake hayakuwahi kuhifadhiwa, SQLite iliyarudisha nyuma. Kama yamenyooka, huenda alipokuwa anafunga, DB Browser ilimuuliza kama ahifadhi, naye akakubali kwa haraka ya kuwahi msikitini. Kwa vyovyote vile aliiweka kalamu chini wakati ule ule, na wewe ukaweza kuandika.

Siku nyingine msikisie. Kompyuta ya katibu inajua nani amefungua faili lake. Katibu abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike hivi:

```
fsmgmt.msc
```

Ndani achague `Open Files`. Ataona orodha ya mafaili yaliyofunguliwa kutoka laptopu nyingine. Safu ya `Accessed By` inaonyesha jina la aliyefungua, na safu ya `# Locks` inaonyesha amefunga mara ngapi. Mtu aliyefungua programu na kukaa tu kwa kawaida atakuwa na sifuri. Ukiona jina lenye namba zaidi ya sifuri, na namba hiyo haiondoki baada ya dakika moja, nenda kwa mwenye jina kwa miguu yako, umwombe amalizie au afunge. Dirisha hilo hilo lina njia ya kumkatia mtu faili kwa nguvu. Usiitumie. Ukimkatia mtu aliye katikati ya kuandika, unatengeneza ajali ile ile ya umeme kukatika.

Sasa tuje kwenye pesa, maana najua ndizo zilizokunyima usingizi.

Gawanya 264,000 kwa 800. Unapata kilo 330 kamili, bila kubaki hata senti. Tofauti inayogawanyika hivyo mara nyingi ni malipo ya mtu mmoja mzima, kosa la kuhesabu noti halitoki sawasawa namna hiyo. Fungua orodha ya kahawa iliyopokelewa, utafute aliyeleta kilo 330. Na mimi ningeanza na yule mzee wa 39.

Fikiria ulivyofanya. Tangu saa nne skrini yako ilikuwa kwa mzee huyo, kila ulipobonyeza ilikataa, na kila ilipokataa hakuna kilichoandikwa. Ukafungua daftari, na mstari wake wa kwanza ni yeye, akapokea pesa, akaweka dole gumba, akaenda. Saa saba ukabonyeza tena, ikakubali. Ilimkubali nani? Kama hukubadilisha mtu kwenye skrini, ilimkubali yeye. Halafu ukaanza kuingiza daftari kutoka mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza ni yeye tena. Mzee alipokea mara moja, programu imemwandika mara mbili. Pesa yako iko kamili sandukuni, ni maandishi yaliyozidi.

Kabla ya kukubali maelezo hayo, yapime. Chapisha kutoka kwenye programu orodha ya malipo yote ya Ijumaa, yenye saa kama programu yenu inaandika saa. Hesabu mistari. Waliolipwa kweli ni 38 na 74 na 93, yaani 205. Ukikuta mistari 206, na yule mzee ametokea mara mbili, mara ya kwanza kwenye saa saba na ya pili dakika chache baadaye, hapo umefika.

Ukikuta mistari 205 tu, basi sababu ni nyingine, na hii ni mbaya zaidi kwa sababu ni ya programu. Malipo moja yanaandikwa sehemu mbili, kwenye daftari la fedha na kwenye leja ya mwanachama. Fundi makini hufunga sehemu zote mbili katika muamala mmoja, ziingie zote au zisiingie kabisa. Asipofanya hivyo, ya kwanza inaweza kuingia na ya pili ikakataliwa. Utaitambua hivi: jumla ya malipo ya siku kwenye daftari la fedha haitalingana na jumla ya siku hiyo hiyo kwenye leja za wanachama wote. Pakiwa na maandishi yaliyorudiwa, jumla hizo mbili zinalingana, ila zote mbili zimezidi pesa iliyotoka. Pakiwa na nusu muamala, zenyewe kwa zenyewe hazilingani. Chukua kikokotoo, uzilinganishe kabla hujazungumza na mtu yeyote.

Ukithibitisha ni mzee kuandikwa mara mbili, usifute ule mstari wa ziada, na zaidi ya yote usiufute kwa DB Browser. Andika ingizo la kubatilisha, shilingi 264,000, tarehe ya siku unayoliandika, na maelezo kwamba malipo namba fulani yalirudiwa kwa sababu mfumo ulikuwa umefungwa. Mwenyekiti asaini karatasi yake, na nakala ya ukurasa wa daftari wenye dole gumba moja tu la mzee ibanwe nyuma. Mkaguzi akija ataona kosa, ataona na lilivyosahihishwa. Mstari uliofutwa humfanya aulize mingine mingapi imefutwa.

Baada ya hapo, mwombe kijana wako alipime faili. Wote mkiwa mmefunga, akae kwenye kompyuta ya katibu yenyewe. Akiwa na programu ndogo ya `sqlite3`, ni amri mbili:

```
sqlite3 ushirika.db ".backup 'nakala.db'"
sqlite3 nakala.db "PRAGMA integrity_check;"
```

Ya kwanza inachukua nakala kwa njia salama, ya pili inaikagua. Jibu likiwa `ok`, faili halijavunjika. Lakini elewa mipaka ya neno hilo. Linasema kurasa ziko mahali pake, halisemi kwamba mzee hakuandikwa mara mbili. Hilo utalijua kwa karatasi na dole gumba. Kama baada ya wote kufunga faili la `-journal` bado liko pale, fungua programu mara moja kutoka kompyuta ya katibu kisha uifunge, SQLite italishughulikia yenyewe.

Kuhusu kuzuia yasirudi, utasikia ushauri wa aina mbili kutoka kwa mafundi, na nataka uujue kabla hujalipia.

Wa kwanza atasema programu iongezewe muda wa kusubiri, ili ikikuta kalamu imeshikwa isikate tamaa papo hapo. Hilo ni zuri na mumwombe fundi aliweke. Sekunde tano au kumi zinatosha wakati wawili wamebonyeza kwa bahati mbaya pamoja. Lakini halingewasaidia Ijumaa, maana mtunza ghala alishika kalamu tangu saa nne hadi saa saba. Hakuna programu itakayokusubiri kwa muda wa saa tatu.

Wa pili atasema mwashe WAL. Hiyo ni namna nyingine ya SQLite kuandika, ambapo msomaji na mwandishi hawazuiani. Inasifiwa, na kwa kompyuta moja inastahili sifa. Kwenu haifai, kwa sababu mbili. Hata kwenye WAL mwandishi anabaki mmoja, kwa hiyo kosa la Ijumaa lingetokea vile vile. Na WAL inahitaji wote wanaofungua faili wawe kwenye kompyuta ile ile, kwa sababu wanashirikiana kumbukumbu moja, ilhali ninyi mnafungua kwa folda ya pamoja kutoka laptopu tofauti.

Na hiyo folda ya pamoja ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ujumbe wenyewe. Ijumaa kufuli lilifanya kazi yake, likakuzuia. Lakini kupitia mtandao makufuli ya mafaili hayaaminiki kila siku, na wenyewe waliotengeneza SQLite wanaonya juu ya hilo. Siku mtandao wenu ukiyumba, laptopu mbili zinaweza kuamini kila moja kwamba kalamu iko kwake, na zikaandika kwa pamoja. Siku hiyo hakuna ujumbe utakaotoka. Utagundua wiki mbili baadaye leja zikiwa zimevurugika. Kwa kweli ningependa uzuiwe mara kumi na `database is locked` kuliko hilo likutokee mara moja.

Kwa hiyo mwiteni fundi mumwombe kitu kimoja kikubwa: laptopu ziache kuligusa faili. Programu moja ikae kwenye kompyuta ya katibu, iwe yenyewe pekee inayofungua `ushirika.db`, na laptopu zenu zizungumze na programu hiyo kupitia kivinjari. Kama anaona chama kitakua na waandishi wengi kwa siku moja, ahamishie hesabu kwenye hifadhidata ya seva kama PostgreSQL au MariaDB, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya watu wengi kuandika kwa pamoja. Wakati huo huo aweke kila malipo ndani ya muamala mmoja, na programu ikatae kumlipa mwanachama mara ya pili kwa malipo yale yale bila kuuliza. Hili la mwisho ni kazi ndogo, na lingekuokoa Ijumaa.

Mpaka fundi afike, DB Browser iondolewe kwenye laptopu ya mtunza ghala, au aitumie kwenye nakala tu, si kwenye faili lenyewe. Majina yarekebishwe ndani ya programu yenu. Na siku ya malipo, folda ya pamoja izimwe tangu asubuhi, wewe ukae kwenye kompyuta ya katibu, uandike kutoka hapo. Mtunza ghala aandike kwenye karatasi siku hiyo moja, ataingiza jioni.

Daftari lako la karatasi liendelee kuwepo, ila lipe safu moja zaidi: baada ya dole gumba, mahali pa kuweka alama ukishaingiza mstari kwenye programu. Na kitu cha kwanza kufanya programu ikirudi ni kuangalia malipo ya mwisho iliyoyaandika ni ya nani, kabla ya kuingiza hata mstari mmoja.

Kuhusu wanachama, waite wakulima haraka, usingoje mkutano mkuu. Lile neno la hazina kufungwa limeshafika mpaka Bwera, nakuhakikishia. Waambie kwa lugha wanayoielewa wote, Kiswahili na Lukonzo, kwamba kilichofungwa ni daftari la kompyuta, si sanduku, na ndiyo maana watu 74 walipokea pesa zao wakati ujumbe ule ule ukiwa bado kwenye skrini. Hakuna hoja nzuri kuliko hiyo, na mashahidi wake wamo humo mkutanoni. Kisha waonyeshe orodha ya waliolipwa ikiwa ukutani, kilo na shilingi za kila mmoja, kila mtu ajitafute. Yule mzee mweleze faraghani kwanza, ili asije akaliona jina lake mara mbili akadhani anadaiwa.

Mtunza ghala usimtaje kwa jina mbele ya watu. Alikuwa anawatengenezea wanachama wawili majina yao, kwa chombo alichopewa, na hakuna aliyemwambia kwamba kile kitufe kina maana gani. Mketi naye nyumbani au ofisini, umwonyeshe jaribio lile la herufi moja, aone mwenyewe ujumbe ukitokea kwenye skrini yako.

Wale saba ambao hawakuja, pesa zao zihesabiwe leo mbele ya mwenyekiti na katibu, kila mmoja kwenye bahasha yake yenye kilo na kiasi. Ukimpata mwenye kilo 330 na si yule mzee, tazama kama ni yeye aliyeandikwa mara mbili. Kama hakuna mwenye kilo hizo kabisa, tafuta watu wawili ambao kilo zao zikijumlishwa zinafika 330. Hao nao ukiwakosa, niandikie tena uniambie jumla mbili ulizolinganisha, ya daftari la fedha na ya leja, tuanzie hapo.